Upindo wa Ndani Haudanganyi

Muuza nguo akikuhakikishia kwamba sketi yake haichuji, anaisemea nguo ambayo bado haijaingia majini. Habari za kweli anazo aliyeifua na kuianika muhula mzima. Lakini jirani akimuuliza, mara nyingi hujibu tu "nzuri" au "imechakaa upesi", na jirani anaondoka bila la kumfaa dukani. Nguo iliyotumika ina mengi ya kueleza, ukijua pa kuitazama.

Tuchukue sketi ya shule yenye marinda, ya bluu iliyokoza. Imefuliwa mara mbili kwa wiki kwa sabuni ya unga, ikaanikwa juani na kupigwa pasi. Hayo ya ufuaji ndiyo ya kutajwa kwanza. Sketi iliyolowekwa kwenye dawa yenye klorini isilinganishwe na iliyofuliwa kwa sabuni tupu, maana klorini huharibu rangi na kudhoofisha nyuzi za pamba, na hapo kosa si la kitambaa.

Sasa rangi. Igeuze sketi, ufumue kidogo upindo wa chini. Kitambaa kilichofichwa humo kimepita kila beseni ambalo sketi imepita, ila jua halikukipiga na hakikusuguliwa na benchi. Kilinganishe na cha nje kwenye mwanga wa mchana. Ndani kukiwa kumekoza na nje kumepauka, lawama ni za jua na msuguano. Sketi ya namna hiyo hudumu zaidi ikigeuzwa ndani nje na kuanikwa kivulini. Lakini ndani nako kukiwa kumefifia, basi rangi haikushika kwenye nyuzi tangu kiwandani, na kivuli hakitaiokoa.

Ili uwe na uhakika, kabla ya kufua mara ya kwanza kata kipande kidogo cha kitambaa kinachozidi kwenye mshono wa ndani, ukihifadhi gizani. Hata maabara za nguo hufanya hivyo: huweka kitambaa kilichofuliwa kando ya kisichofuliwa, kisha hutoa alama kuanzia 1 hadi 5, ambapo 5 maana yake rangi haikubadilika. Nyumbani hata alama huhitaji. Sema tu kama tofauti inaonekana vipande vikiwekwa pamoja, au hata mtu aliye mbali anaiona.

Kitambaa chenyewe kichunguze kwenye makalio na kwenye kingo za marinda. Sare nyingi ni mchanganyiko wa pamba na poliesta. Ukichomoa uzi mmoja ndani ya mshono na kuuchoma ukiwa umeushika kwa kibano, pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini, poliesta huyeyuka na kuacha tone gumu. Mchanganyiko huonyesha yote mawili. Pamba ndiyo inayolika kwanza kwa msuguano, ndiyo maana mistari myeupe hujitokeza kwenye kingo za marinda. Poliesta ni imara, lakini huacha vidonge vidogo vya nyuzi vinavyong'ang'ania kitambaa, na pasi ya moto mwingi huipa mng'ao usiotoka.

Mwisho ni mshono. Shika pande mbili za mshono wa ubavuni, uvute polepole. Uzi ukikatika, hesabu tundu za sindano ndani ya sentimita 2.5: zikiwa 10 hadi 12, cherehani ilifanya kazi yake na huenda uzi ndio dhaifu, zikiwa 6, fundi aliharakisha. Hilo hurekebishika kwa kushona upya. Pengine uzi ni mzima, ila nyuzi za kitambaa zenyewe zinateleza na kuacha mwanya kando ya mshono. Huo ni ugonjwa wa kitambaa kilichofumwa kwa kulegea. Fundi itabidi aingie ndani zaidi, na sketi itambana mtoto.

Baada ya uchunguzi huo, jirani anaweza kujibiwa hivi: "Nimeifua muhula mzima kwa sabuni ya unga, bila dawa ya klorini. Nje imepauka kidogo, lakini ndani ya upindo rangi haijabadilika ukiilinganisha na kipande nilichokihifadhi. Makalio yameanza kung'aa. Urefu ulikuwa sentimita 60, sasa ni 58. Mshono wa ubavu wa kushoto umeachia, tundu ni 7 tu, ila kitambaa hakikuteleza. Kitambaa ningekinunua tena, ushonaji ningempa fundi mwingine."

Kwa maneno hayo, mnunuzi anajua achukue kitambaa gani, amwambie nini fundi, na aache nafasi ya sentimita ngapi kwenye urefu.