Wanawake Walionewa Berkeley? Jedwali Lisome Mara Mbili

Kila muhula, kazi za takwimu za wanafunzi wa sosholojia zikirundikana mezani, najua kuna sentensi moja nitakutana nayo kabla chai haijapoa: "Kai-skwea ni .000, kwa hiyo hakuna uhusiano." Mwandishi ameona sifuri tatu kwenye matokeo ya SPSS, akadhani sifuri maana yake hamna kitu. Maana yake ni kinyume kabisa. Na aliyeponea hapo huteleza mbele kidogo: akishaona uhusiano upo, anaandika kwamba kitu cha kwanza ndicho kilichosababisha cha pili.

Makosa haya nimezoea kuyaeleza kwa data moja ya zamani, ya maombi ya kusoma shahada za juu katika Chuo Kikuu cha Kalifonia, Berkeley, mwaka 1973. Wakuu wa chuo waliona wanaume wanakubaliwa kwa kiwango kikubwa kuliko wanawake, wakaingiwa na wasiwasi wa ubaguzi. Peter Bickel, mwanatakwimu, pamoja na wenzake Eugene Hammel na William O'Connell, wakazichambua takwimu hizo na kuchapisha walichokiona katika jarida la Science mwaka 1975. Hapa nitatumia idara sita tu, zilizopokea maombi mengi kuliko nyingine. Majina yake yalifichwa, zikaitwa A hadi F.

Jedwali mtambuka la idara hizo sita, zikijumlishwa pamoja, ni hili:

| | Waliokubaliwa | Waliokataliwa | Jumla |
|---|---|---|---|
| Wanaume | 1,198 | 1,493 | 2,691 |
| Wanawake | 557 | 1,278 | 1,835 |
| Jumla | 1,755 | 2,771 | 4,526 |

Jambo la kwanza ni asilimia, na hapa ndipo wengi wanapopotea kabla hata ya kuigusa kai-skwea. Programu haijui unataka kuuliza nini. Ukiiambia ikupe asilimia za safu wima itakupa, ukitaka za safu mlalo itakupa pia. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniandikia kwamba asilimia 68 ya waliokubaliwa walikuwa wanaume na asilimia 32 wanawake, "hivyo wanaume walipendelewa zaidi ya mara mbili". Hesabu yake ni sahihi: 1,198 gawanya kwa 1,755 ni asilimia 68. Lakini wanaume ndio walioomba kwa wingi tangu mwanzo, asilimia 59 ya waombaji wote. Hata kama watu wangechaguliwa kwa bahati nasibu, wanaume wangekuwa wengi miongoni mwa waliokubaliwa.

Swali letu ni kama jinsia inaelekea kubadilisha nafasi ya mtu kukubaliwa. Kwa hiyo tunawachukua wanaume peke yao tuone wangapi kati yao walikubaliwa, kisha wanawake peke yao. Kanuni niliyofundishwa, na ambayo haijawahi kuniangusha, ni kwamba asilimia zinahesabiwa ndani ya kila kundi la kile unachokishuku kuwa chanzo, halafu unalinganisha kundi na kundi. Wanaume: 1,198 kati ya 2,691, yaani asilimia 44.5. Wanawake: 557 kati ya 1,835, yaani asilimia 30.4. Tofauti ni pointi 14 za asilimia, na sentensi hiyo ndiyo inayopaswa kuja kwanza katika kazi yako, kabla ya jina la kipimo chochote.

Sasa kai-skwea yenyewe. Kipimo hiki, alichokitangaza Karl Pearson mwaka 1900, kinauliza jambo moja: kama jinsia na kukubaliwa visingehusiana hata kidogo, jedwali lingekuwaje, na hili tulilonalo liko mbali nalo kiasi gani? Kwa jumla, asilimia 38.8 ya waombaji walikubaliwa. Kama jinsia haina uzito, kila kundi lingepata kiwango hicho hicho. Wanaume 2,691 wangetoa waliokubaliwa wapatao 1,043, na wanawake 1,835 wangetoa kama 712. Hizo ndizo idadi tarajiwa. Zilizoonekana ni 1,198 na 557. Wanaume wamezidi kwa karibu 155, wanawake wamepungukiwa kwa idadi ileile, na kwa waliokataliwa mambo yamegeuka vilevile.

Katika kila kisanduku unachukua pengo hilo, unalizidisha kwa lenyewe, kisha unaligawanya kwa idadi tarajiwa ya kisanduku hicho. Waliokubaliwa: wanaume wanatoa 22.9, wanawake 33.6. Waliokataliwa: wanaume 14.5, wanawake 21.3. Hata kabla ya kujumlisha, hapo kuna habari: kisanduku cha wanawake waliokubaliwa ndicho kinachochangia zaidi. Ukiulizwa tofauti iko wapi, unaonyesha hapo. Jumla ya vyote vinne ni takriban 92.2.

Kwenye skrini, namba hiyo ya 92.2 inakaa chini ya "Value". Pembeni yake kuna "df" ambayo ni 1, kwa sababu katika jedwali la mbili kwa mbili ukishajua kisanduku kimoja na jumla za pembeni, vitatu vilivyobaki vinajijaza vyenyewe. Kwa df ya 1, mstari wa kawaida wa asilimia 5 uko kwenye 3.84, nasi tumeuvuka mbali. Mwishoni, katika matoleo ya zamani ya SPSS, kuna "Asymp. Sig. (2-sided)", na hapo ndipo zinakaa zile .000 zinazowachanganya watu. Si sifuri kamili. Matoleo hayo yanaonyesha desimali tatu tu, na uwezekano wenyewe ni mdogo kuliko nafasi hizo. Andika p < 0.001, usiandike p = 0.

Na p hiyo inasema nini? Inasema kwamba kama kweli pasingekuwa na uhusiano, jedwali lililoachana na matarajio kiasi hiki au zaidi lingetokea kwa nadra mno. Basi. Haisemi kuna uwezekano wa asilimia 99.9 kwamba wanawake walibaguliwa. Nimewahi kuambiwa, "Lakini mwalimu, si ni kitu kilekile?" Hapana. Moja ni hesabu inayoanza kwa kudhani hakuna uhusiano. Nyingine ni hukumu juu ya dunia, na hukumu hiyo kai-skwea haiitoi.

Chini ya jedwali la matokeo kuna maandishi madogo ambayo wanafunzi huyakata wanaponakili: "0 cells (.0%) have expected count less than 5. The minimum expected count is 711.54." Yasome. Kai-skwea hukaribia ukweli pale tu idadi tarajiwa zinapokuwa si ndogo mno, na desturi ni kuanza kuwa na shaka zinaposhuka chini ya 5. Zingatia neno tarajiwa: kisanduku chenye watu 3 walioonekana hakina tatizo kama kilitarajiwa kuwa na 12. Kwetu hapa ndogo kuliko zote ni 711.54, kwa hiyo tunaendelea.

Ukubwa wa kai-skwea nao unadanganya. Fikiria jedwali hilihili, asilimia zilezile, ila watu ni sehemu moja ya kumi, kama 450. Kai-skwea itakuwa karibu 9.2. Punguza tena hadi watu kama 45, itakuwa 0.92, na utaandika "hakuna uhusiano wenye maana kitakwimu" ilhali 44.5 na 30.4 hazijasogea. Namba hiyo inapanda na kushuka pamoja na idadi ya watu. Ukitaka nguvu ya uhusiano, gawanya kai-skwea kwa jumla ya watu kisha tafuta kipeuo cha pili. Unapata fai, ambayo SPSS huitoa kwa jina la "Phi". Hapa ni 0.14. Uhusiano upo bila shaka, lakini ni dhaifu. Maneno hayo mawili hayagombani, na mwanafunzi anayeweza kuyaandika pamoja katika sentensi moja hunifurahisha sana.

Wengi wangeishia hapo. Bickel na wenzake waliuliza swali moja zaidi: ni nani hasa anayekubali waombaji? Si chuo, ni idara. Basi wakalitenganisha jedwali idara kwa idara, na picha ikageuka. Katika idara A, wanaume 825 waliomba wakakubaliwa 512, asilimia 62. Wanawake 108 wakaomba wakakubaliwa 89, asilimia 82. Katika C wanaume ni asilimia 37 na wanawake 34; katika D ni 33 na 35; katika F ni 6 na 7. Ukifanya kai-skwea kwa kila idara peke yake, ni moja tu kati ya sita inayovuka 3.84. Ni idara A, yenye 17.2, na humo waliopata kiwango kikubwa ni wanawake.

Zile pointi 14 zimeenda wapi? Angalia walioomba wapi. Zaidi ya nusu ya wanaume waliomba idara A na B, ambazo zilikubali karibu theluthi mbili ya waombaji. Kwa wanawake, walioomba huko ni 133 tu kati ya 1,835, asilimia 7. Waliobaki walipanga foleni kwenye milango myembamba, kama idara F iliyokubali asilimia 6. Ukijumlisha idara zote kapu moja, ugumu wa idara unajivika sura ya jinsia. Wanatakwimu wanaiita hali hii kitendawili cha Simpson.

Wala hilo halisafishi kila mtu. Watafiti hao wenyewe walieleza kwamba huenda tatizo linaanza nyuma zaidi, katika malezi na masomo yanayowaelekeza wasichana kwenye fani zenye nafasi chache. Kwa mwanasosholojia swali hilo ndilo lenye nyama, lakini jedwali hili haliwezi kulijibu, kwa kuwa linaanza kuhesabu siku fomu ya maombi ilipopokelewa.

Basi ukiletewa zoezi hili, andika hivi: "Wanaume walikubaliwa kwa asilimia 44.5 na wanawake 30.4; kai-skwea (df = 1, N = 4,526) ni 92.2, p < 0.001, fai 0.14. Uhusiano huu ni dhaifu, na waombaji wakitenganishwa kwa idara hauonekani tena isipokuwa katika idara A, ambako unaelekea upande wa wanawake." Anayeniletea hayo, hata akikosea desimali moja kwenye kai-skwea, simkati alama.