KAZI YA MKONO WA ASKARI NA SAA ZA MAPUMZIKO

Wapo askari wanaoamini kwamba lolote walifanyalo baada ya zamu ni lao. Wapo nao wakuu wanaoamini kwamba askari ni wa serikali saa 24, na hivyo kila akibunicho ni cha serikali. Sheria ya Uganda haikubaliani kikamilifu na upande wowote.

Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2006 inalinda pia programu za kompyuta. Inasema kwamba kazi iliyotungwa katika utekelezaji wa ajira ni ya mwajiri, isipokuwa kama mkataba unasema vinginevyo. Kazi iliyotungwa chini ya maelekezo au usimamizi wa serikali, hiyo ni ya serikali, ila kama pande mbili zimepatana vingine. Kwa hiyo saa ya ukutani haiamui peke yake. Linaloulizwa ni hili: kazi hiyo ilikuwa wajibu wa nani, na ilifanywa kwa agizo la nani?

Tuchukue mfano wa koplo wa doria anayeishi Bukoto na kufanya kazi Naguru. Usiku, nyumbani kwake, kwa kompyuta yake, anatunga programu ya kuandikisha redio za mkononi zinazotolewa na kurudishwa ghalani. Hakuagizwa, wala utungaji wa programu si kazi yake. Hapo ana hoja yenye nguvu kwamba programu ni yake, ingawa inafaa kazini. Lakini mkuu wake akiiona, akamwamuru aipanue, naye akaikamilisha usiku uleule nyumbani, sehemu hiyo mpya imetungwa kwa maelekezo ya serikali.

Kugawanyika huko si jambo geni. Mwaka 1952 Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua shauri la mhasibu aliyeandika kitabu. Sehemu aliyoiandika alipotumwa kazini kwa mteja ilikuwa ya kampuni. Mihadhara aliyoitoa kwa umma ilikuwa yake, ingawa kampuni ndiyo iliyolipa gharama zake.

Kwa vifaa vilivyovumbuliwa, vifaa na taarifa za mwajiri huwa na uzito zaidi. Nchini Kenya, sheria ya mwaka 2001 humpa mwajiri haki ya hataza hata kama mfanyakazi hakuajiriwa kuvumbua, mradi ametumia vifaa au taarifa za kazini. Naye mfanyakazi hustahili malipo ya haki.

Ugomvi huzuka pale programu inapokuwa imekwisha kutumika kituoni, na hakuna awezaye kuonyesha kipi kilitangulia agizo. Koplo wetu angefanya vyema kuhifadhi nakala yenye tarehe kabla ya kuionyesha, na kuomba mapatano ya maandishi kabla ya kuongeza hata mstari mmoja. Majina na kumbukumbu za ghala zilizoingizwa humo haziwi zake kamwe.