Kuacha Stoo Lisekese: Lipi Kweli, Lipi Si Kweli

Mwezi Januari, mnada wa korosho ukishakaribia mwisho, stoo nyingi za kupanga hapa Lisekese hubaki na magunia matupu, mashine ya kupulizia na mfuko au miwili ya salfa iliyosalia. Korosho zenyewe zimeshapitia AMCOS na kwenda ghala kuu kwa stakabadhi. Mpangaji anajiuliza kwa nini aendelee kulipia kuta nne, anaamua kuiacha, na hapo ushauri wa vijiweni unaanza. Baadhi ya ushauri huo ni sahihi. Mwingine unamgharimu mtu kodi ya mwezi mzima, na wakati mwingine unavunja ujirani.

"Hatukuandikishana, kwa hiyo naondoka siku ninayotaka."

Si kweli. Stoo nyingi hupangishwa kwa maneno mbele ya shahidi mmoja, na upangaji wa muda mfupi wa namna hiyo ni halali. Kutokuwa na karatasi hakuondoi notisi. Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema kwamba pale ambapo muda haukutajwa wala notisi haikuzungumzwa, upangaji utahesabiwa kuwa wa vipindi, yaani unaokwenda kwa kufuata kodi inavyolipwa. Kila upande unaweza kuuvunja kwa notisi isiyopungua kipindi kimoja, na notisi hiyo lazima iishie siku ya kulipa kodi.

Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo inayowashinda wengi. Tuseme unalipa shilingi 50,000 kila tarehe 1. Tarehe 12 Januari unampigia mwenye stoo na kumwambia unaondoka baada ya mwezi. Unahesabu hadi tarehe 12 Februari na unadhani umemaliza. Lakini tarehe 12 Februari si siku ya kodi, kwa hiyo notisi yako inasogea hadi siku ya kodi inayofuata, tarehe 1 Machi. Kodi ya Februari yote ni yako. Ungemwambia tarehe 31 Desemba, ungekuwa huru tarehe 1 Februari. Siku 12 za kuchelewa kusema zimekula shilingi 50,000, na mwenye stoo anayezidai hakuonei.

Wanaolipa miezi sita kwa mkupuo wawe waangalifu zaidi, kwa sababu mwenye stoo anaweza kusema kipindi chenu ni miezi sita, na notisi nayo iwe hivyohivyo. Mkikubaliana bei, semeni wazi kama ni 50,000 kwa mwezi inayolipwa kwa mkupuo, au ni 300,000 kwa nusu mwaka, na mtaje notisi itakuwa ya muda gani. Mistari miwili kwenye daftari, yenye sahihi za wote wawili, inatosha kumaliza ubishi huo.

"Mkataba wenye tarehe ya mwisho hauhitaji notisi."

Kweli. Kama mliandika kwamba upangaji unaisha tarehe 31 Januari, siku hiyo unaisha wenyewe. Hatari iko kwenye siku zinazofuata. Ukiacha chaga mbili na mashine ndani "mpaka wiki ijayo", kisha mwenye stoo akaridhia uendelee kuwamo, upangaji unaweza kuhesabiwa kuwa umeanza upya, safari hii wa vipindi, na ukadaiwa notisi ambayo awali hukuhitaji. Mkataba wa tarehe unakulinda endapo siku ya mwisho inakuta sakafu tupu.

"Nimeshamtumia ujumbe kwenye simu, ile siyo notisi."

Inaweza kuwa. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, ujumbe wa simu haukataliwi kwa sababu tu ni wa simu. Usiandike "nafikiria kuhama". Andika stoo ipi, umetoa taarifa tarehe ngapi na utakabidhi tarehe ngapi: "Mzee, shikamoo. Leo tarehe 30 Desemba natoa notisi ya kuacha stoo ya nyuma. Nitakukabidhi ikiwa tupu tarehe 1 Februari." Akijibu "sawa", hifadhi majibu yake. Kama ni mtu mzima asiyependa kusoma simu, nenda kwake na shahidi, mkabidhi barua, na nakala yako aitie sahihi.

"Nikirudisha funguo, nimemaliza."

Hili ndilo linalozaa ugomvi kuliko yote, na jibu ni kwamba si kweli mpaka stoo iwe tupu na safi kama ulivyoipokea. Katika stoo zetu, tatizo lina jina: salfa. Mfuko ukipasuka mara moja tu msimu wa kupulizia, unga wa manjano unaingia kwenye pembe, chini ya chaga na kwenye nyufa za sakafu. Mpangaji anayekuja baadaye na mahindi au choroko anaukuta kwenye chakula.

Kuusafisha kuna utaratibu. Fungua milango yote, hakikisha hakuna sigara wala moto karibu, kwa kuwa vumbi la salfa likitanda hewani linaweza kushika moto. Funika pua na macho. Usifagie kavu. Nyunyiza maji kidogo ili unga utulie, ukusanye, uutie kwenye mfuko uliofungwa. Usiuchome, maana moshi wake unakaba koo na kuwadhuru majirani, na usiumwage mtoni. Mfuko mzima uliobaki peleka nyumbani mahali pakavu, mbali na watoto na chakula, au mpe mkulima atakayeutumia. Chupa tupu za dawa za maji suuza mara tatu, maji hayo yarudi kwenye bomba la kupulizia, kisha zitoboe ili mtu asije kuzichotea maji ya kunywa.

Mafuta yaliyodondoka chini ya mashine yamwagie mchanga, acha yafyonzwe, kisha kwangua. Halafu mwite mwenye stoo, mzunguke pamoja: sakafu, paa, bawaba, kufuli, mita ya LUKU. Piga picha za kila ukuta. Andikeni kwamba amepokea funguo tarehe fulani, bila deni au kwa deni fulani. Karatasi hiyo ya nusu ukurasa ndiyo inayofunga upangaji, siyo funguo pekee.

"Nililipa mwaka mzima, nikiondoka mapema atanirudishia."

Si kweli, isipokuwa mlikubaliana hivyo au yeye ameridhia. Hata hivyo, sheria ya mikataba haimruhusu aliyevunjiwa mkataba akae tu akihesabu hasara wakati angeweza kuipunguza. Ukimletea mpangaji mwingine mwaminifu akaanza kulipa Machi, una hoja ya kudai sehemu ya kodi yako ya Machi na kuendelea. Ndiyo maana ni afadhali utafute mrithi wako mwenyewe kabla ya kwenda kuomba.

"Vitu vilivyobaki ni vya mwenye stoo."

Si kweli. Mashine uliyoisahau bado ni yako. Lakini inachukua nafasi, na anaweza kudai fidia kwa nafasi hiyo. Akikwambia uichukue kabla ya tarehe fulani, ichukue.

Mkishindwa kuelewana kuhusu kodi au uharibifu, pa kuanzia ni Baraza la Kata. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 kazi yake ni kusuluhisha, si kuhukumu, na lina siku 30. Siku hizo zikipita bila suluhu, shauri linaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Nenda na daftari lenye bei, ujumbe wa notisi na ile karatasi ya makabidhiano.