Bango la Homa: Maneno Yanayomtoa Mgonjwa Nyumbani

Bango la zahanati kuhusu malaria lina kazi moja tu: kumfanya mtu mwenye homa apimwe kabla ya kumeza dawa, na apimwe mapema. Msomaji wake huwa amesimama, kichwa kinamuuma, pengine ana mtoto mgongoni. Ataliangalia kwa sekunde chache, kwa hiyo kila neno lililopo ukutani lazima lijue limefuata nini.

Haraka hiyo ina sababu yake. Malaria nyingi ya Afrika Mashariki husababishwa na kimelea kiitwacho Plasmodiamu falsiparamu, ambacho huzaliana ndani ya chembe nyekundu za damu kwa mzunguko wa takribani saa 48. Mzunguko ukikamilika, chembe hupasuka na vimelea waliozaliwa humo huvamia chembe nyingine, wakiwa wengi kuliko mwanzo. Kwa mtoto mdogo, homa iliyoanza leo inaweza kumfikisha kwenye degedege au kupoteza fahamu katika siku moja au mbili. Ndiyo maana wataalamu husisitiza mgonjwa apate tiba ndani ya saa 24 tangu homa ianze. Panado hushusha joto, lakini haigusi vimelea. Mtoto aliyepoa baada ya kupewa panado bado anastahili kupimwa.

Kwa miaka mingi kila homa ilitibiwa kama malaria, hata katika vituo vya serikali. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza, awe mtoto au mtu mzima. Tanzania ilikuja kusikia ujumbe wa kampeni uliosema si kila homa ni malaria, nenda ukapime. Ni ujumbe mzuri, kwa sababu humtikisa yule aliyekwisha kujiamulia kuwa anajua kinachomsumbua. Haumwambii, hata hivyo, aende lini. Hapo ndipo mabango mengi yanapolegea.

Chukua bango lililoandikwa hivi kwa herufi nyekundu: “Malaria inaua! Ukiona homa kali, wahi kituo cha afya.” Linaonekana halina kosa, lakini lina matatu. Linaanza kwa kutisha, na mtu aliyeugua malaria mara nyingi akapona hatishiki tena na kifo cha ukutani. Linasema “homa kali”, nalo neno hilo “kali” linampa mzazi ruhusa ya kusubiri: joto la mtoto si kali bado, ngoja tuone kesho. La tatu ni “wahi”, agizo lisilo na saa. Bango hilohilo likiandikwa upya linaweza kusomeka: “Mwili una joto? Pima malaria leo. Usingoje lizidi.” Kwa watoto: “Mtoto akichemka, mlete leo hii. Usisubiri degedege.”

Ukali wa maneno hayo uko kwenye wakati. Leo ni leo. Upole unabaki kwa mtu mwenyewe, na mwandishi wa bango anapaswa kuvitenganisha viwili hivi asije akamkaripia mgonjwa akidhani anaikaripia malaria. Mstari kama “Uzembe wa mzazi huua mtoto” humgonga mama ambaye huenda alichelewa akitafuta nauli, au akimngoja baba wa mtoto atoe ruhusa, au aliambiwa na wakubwa zake kwamba degedege ni kazi ya shetani na aanze kwa mganga. Akisoma mstari huo siku ya tatu ya homa, atahisi aibu, na aibu haimleti mtu dirishani. Kinachomleta ni huu: “Umechelewa? Njoo hivyo hivyo. Utapokelewa.”

Mstari wa upole wenye faida kubwa zaidi kitabibu ni huu: “Umeshameza dawa ya malaria? Tuambie. Hutagombezwa.” Kipimo cha haraka kinachotumika zahanati nyingi hutafuta protini inayotolewa na kimelea, na protini hiyo inaweza kubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa hata baada ya vimelea kufa. Mtu aliyemaliza dawa mseto wiki mbili zilizopita, leo akawa na homa ya kitu kingine, anaweza kuonekana ana malaria. Akisema ukweli, mhudumu ataomba damu yake iangaliwe kwa hadubini, ambayo huonyesha vimelea wenyewe. Akificha kwa kuogopa kufokewa, huenda akapewa dawa asiyoihitaji huku ugonjwa wake halisi ukiendelea.

Kuhusu kipimo chenyewe, bango lieleze kidogo na kwa ukweli. Mhudumu huchoma ncha ya kidole, huweka tone dogo la damu kwenye kishimo cha kifaa, kisha huongeza matone ya kimiminika chake katika kishimo kingine. Majibu husomwa baada ya dakika 15 au 20, kulingana na maelekezo ya mtengenezaji. Mstari mmoja wa kuthibitisha ukionekana peke yake, malaria haikuonekana. Ukitokea na wa pili, hata uwe hafifu kiasi gani, malaria ipo. Mstari wa kuthibitisha usipojitokeza, kifaa hicho kimeharibika na kipimo hurudiwa. Yote hayo hayafai kujazwa kwenye bango, yatosha kuandika “Tone moja la damu, majibu leo leo.” Kuandika “dakika 15 tu” ni kujitafutia lawama, maana foleni haihesabiwi kwenye dakika hizo.

Mgonjwa aliyeambiwa hana malaria ndiye anayesahauliwa na mabango. Alikuja akiamini ni malaria, amekatishwa tamaa, na njiani kuna duka la dawa. Asipopewa maelezo, atanunua dawa mseto huko huko. Mstari unaomfaa ni: “Huna malaria? Homa yako bado ina sababu. Muulize mhudumu.” Inaweza kuwa nimonia, maambukizi ya njia ya mkojo au homa ya matumbo. Chini yake kuwe na maneno haya: “Homa ikiendelea siku mbili, rudi.” Kipimo cha haraka kinaweza kukosa malaria pale vimelea wanapokuwa wachache mno, na kurudi ndiko kunakoziba pengo hilo. Anayetapika kila kitu, asiyeweza kunyonya au kunywa, aliyepata degedege au aliyelegea sana hasubiri siku yoyote.

Mahali pa kubandika pana uzito sawa na maneno. Aliyeko ndani ya zahanati ameshakuja. Kwake mistari inayofaa ni ile ya dawa aliyomeza na ya majibu. “Pima leo” inamhitaji aliye nje: kwenye duka la dawa muhimu, mashineni wanakosaga unga, stendi ya bodaboda, ubao wa matangazo wa shule. Huko bango litaje kituo kwa jina lake na saa zake za kazi, na neno “bure” liandikwe tu pale ambapo kweli mgonjwa hatatoa hata shilingi.

Lipo pia jambo ambalo hakuna uandishi unaoweza kulirekebisha. Vifaa vya kupimia huisha. Mtu akitembea saa nzima kwa sababu ya bango, akaambiwa vipimo hakuna, homa ijayo ataanzia dukani. Siku vifaa vinapoisha, mhudumu abandike karatasi juu ya bango kueleza kituo cha karibu chenye vipimo, na kama hakijulikani, bango libanduliwe mpaka mzigo mpya ufike.