Ukurasa Hauwezi Kujitolea Ushahidi

Msomaji anapokutana na dai geni mtandaoni, hatua yake ya kwanza huwa ni kuukagua ukurasa wenyewe. Hutazama kama umeandikwa kwa lugha safi, kama una tarehe, jina la mwandishi na rejea, na kama kuna sehemu ya "Kuhusu Sisi". Si kosa lake, maana ndivyo alivyofundishwa. Orodha za namna hiyo zimetumika vyuoni kwa miaka mingi, na mojawapo inayojulikana zaidi ilitungwa mwaka 2004 katika chuo kikuu kimoja cha California. Tatizo ni kwamba kila kinachokaguliwa hapo kimewekwa na mwenye tovuti. Mbunifu mzuri na mhariri mzuri hupatikana kwa fedha, na maelezo ya "Kuhusu Sisi" huandikwa na yule yule anayechunguzwa. Hoja ya makala haya ni kwamba swali la nani yuko nyuma ya dai halijibiwi ndani ya ukurasa. Hujibiwa nje yake, na linapaswa kuulizwa kabla ya kusoma kwa kina.

Ushahidi mzuri wa jambo hili ulitolewa mwaka 2017 na Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford. Waliwakalisha watu 45 mbele ya kompyuta zilizounganishwa na mtandao: wanahistoria 10 wenye shahada ya uzamivu, wahakiki wa taarifa 10 wanaofanya kazi hiyo katika vyombo vya habari, na wanafunzi 25 wa Stanford. Wote ni watu waliozoea kusoma, ila mwenendo wao ulitofautiana sana. Wanafunzi wengi na baadhi ya wanahistoria walibaki kwenye ukurasa na kuusoma kutoka juu hadi chini. Wahakiki waliutupia jicho, wakauacha na kufungua madirisha mengine kutafuta wengine wamesema nini kuhusu mwenye tovuti. Mwendo huo ndio watafiti walioupa jina la kusoma kwa pembeni.

Mojawapo ya kazi walizopewa ilihusu tovuti ya minimumwage.com, iliyokuwa na makala kuhusu mishahara ya wafanyakazi wa migahawa nchini Denmark. Ujumbe wake ulikuwa kwamba kupandisha kima cha chini cha mshahara kuna gharama zake. Tovuti ilikuwa nadhifu, ikarejelea vyombo vya habari vikubwa, na ikajitambulisha kuwa ni mradi wa Employment Policies Institute, taasisi ya utafiti isiyo ya kibiashara. Msomaji makini angeweza kubofya jina hilo, akapelekwa epionline.org, na huko akakuta ripoti nyingi zenye sura ya kitaaluma. Angedhani amekwisha kuhakiki, kumbe ametoka chumba kimoja kwenda kingine ndani ya nyumba ile ile, kwa kuwa tovuti zote mbili zina mwenyewe mmoja. Tena herufi za .org hazithibitishi lolote, kwani mtu yeyote anaweza kusajili anwani hiyo. Si kama .go.tz, ambayo imetengewa taasisi za serikali ya Tanzania.

Wahakiki waliandika jina la taasisi hiyo kwenye Google, wakaongeza neno linalohusu fedha au wafadhili, kisha wakaruka matokeo yaliyotoka kwa taasisi yenyewe. Kwa njia hiyo hufikiwa habari ya The New York Times ya Februari 2014, iliyoeleza kwamba taasisi hiyo haikuwa na wafanyakazi wake yenyewe. Iliendeshwa kutoka ofisi ya Berman and Company, kampuni ya uhusiano wa umma ya Richard Berman iliyokuwa Washington, ambayo imefanya kazi kwa niaba ya sekta ya migahawa. Wahakiki wote walimfikia Berman kwa muda mfupi. Miongoni mwa wanafunzi, wengi hawakumfikia kabisa.

Kazi hiyo ina mtego mwingine unaofaa kujulikana. Washington hiyo hiyo ina Economic Policy Institute, iliyoanzishwa mwaka 1986 na yenye msimamo tofauti kabisa kuhusu mishahara. Herufi za mwanzo za taasisi hizo mbili zinafanana, EPI. Anayetafuta kwa kifupisho anaweza kusoma sifa za moja akaipa nyingine. Kwa hiyo jina hutafutwa likiwa kamili, ndani ya alama za kunukuu, na kila tokeo hulinganishwa na anwani ya tovuti ambako safari ilianzia.

Kuna watakaopinga kwamba huku ni kumhukumu msemaji badala ya hoja. Mtu mwenye maslahi anaweza kusema kweli, na utafiti uliolipiwa na wenye migahawa unaweza kuwa na hesabu sahihi. Pingamizi hili ni la haki, lakini linaipa njia hii kazi isiyo yake. Kumjua mlipaji hakuthibitishi kwamba dai ni la uongo. Kunamwambia msomaji mahali pa kuwa macho. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, kwa hiyo swali linalofuata ni nini kimeachwa nje. Je, makala imetaja tafiti zenye matokeo tofauti? Imelinganisha bei peke yake bila kipato? Maswali hayo ni ya hoja kabisa, ila hayamjii anayedhani anasoma kazi ya watafiti wasio na upande.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Nature mwishoni mwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba watu walioambiwa watafute mtandaoni ili kupima habari za uongo waliziamini zaidi kuliko wale ambao hawakutafuta. Ukiusikia juu juu, utadhani unaibomoa njia nzima. Lakini watafiti walitazama pia watu hao walitafuta vipi. Wengi wa walioathirika walipata matokeo kutoka vyanzo hafifu, na hilo lilitokea zaidi kwa walionakili kichwa cha habari au anwani yake na kukibandika kwenye Google. Maneno ya mtunga uongo huleta kurasa zinazoyarudia maneno hayo. Mhakiki huanza na jina la chanzo, halafu husoma orodha ya matokeo na kuangalia kila moja limetoka wapi kabla ya kubofya lolote.

Hapo ndipo pia ulipo mpaka wa njia hii, na msomaji wa Kiswahili anaugusa mapema kuliko wa Kiingereza. Kusoma kwa pembeni kunahitaji kuwe na kitu pembeni. Kuhusu taasisi ya Washington kuna magazeti, kumbukumbu za kodi na Wikipedia. Kuhusu ukurasa wa Facebook unaouza dawa ya kisukari kwa Kiswahili, huenda kusiwe na aliyeandika lolote. Basi hutafutwa kumbukumbu zinazoacha alama: usajili wa kampuni BRELA kwa Tanzania, au kazi za wahakiki kama PesaCheck na JamiiCheck. Zikikosekana zote, ukimya huo si ushahidi wa uongo wala wa ukweli. Dai hubaki halijathibitishwa, na kwa suala la dawa, hiyo ni sababu tosha ya kutolipia na kutolisambaza.