Mama Aliyegeukia Mlangoni

Kuanzia 1928 hadi 1940 mwanasaikolojia Carl Rogers alihudumia watoto wenye matatizo katika mji wa Rochester, jimbo la New York. Karibu na mwisho wa kipindi hicho alimpokea mama mwenye mwana mkorofi kupindukia. Rogers aliona kwamba chanzo ni mama mwenyewe, aliyemkataa mtoto tangu utotoni, na kila walipokutana alijaribu kwa upole kumfanya alitambue hilo. Haikusaidia. Mwishowe wakakubaliana waache, wakapeana mikono. Mama alipofika mlangoni akageuka, akauliza kama pale wanawashauri watu wazima pia. Alipojibiwa ndiyo, akarudi kitini na kumwaga ya moyoni: ndoa yenye misukosuko, kukata tamaa, hisia kwamba ameshindwa maisha. Safari hii Rogers alimsikiliza tu, akimfuata alikoelekea, na msaada ukamfaa mama huyo na mwanawe.

Rogers alitoka na fundisho ambalo mpaka leo linawawia vigumu washauri nasaha wengi: mwenye kujua panapouma na pa kuanzia ni mteja.

Nyuma ya fundisho hilo kuna imani kuhusu nafsi ya binadamu. Rogers alipenda kukumbuka viazi vya utotoni mwake, vilivyohifadhiwa chini ya nyumba wakati wa baridi. Humo gizani vilichipua machipukizi meupe, dhaifu, yakirefuka kuelekea kidirisha chenye mwanga. Aliamini kila mtu ana msukumo wa aina hiyo wa kukua na kutimiza uwezo wake, hata akilelewa mahali pabaya.

Msukumo huo hupindwa na upendo wenye masharti. Mtoto anayekumbatiwa akifaulu na kununiwa akilia hujifunza kwamba huzuni haifai, kisha hukua akiificha hata nafsi yake isiione. Picha aliyonayo juu yake mwenyewe na yale anayoyapitia kwa kweli huachana. Pengo hilo ndilo Rogers aliloliona kuwa chanzo cha wasiwasi na mahangaiko.

Katika makala yake ya 1957 alitaja masharti sita ya mabadiliko katika ushauri, na matatu kati yake ndiyo wanaoanza hufundishwa kwanza. Mshauri awe mkweli wa nafsi, asijifiche nyuma ya cheo. Amkubali mteja bila masharti, jambo ambalo si sawa na kuunga mkono kila anachotenda: unaweza kumheshimu kikamilifu mtu anayempiga mkewe bila kubariki kipigo hata kidogo. Tatu, ayaone mambo kwa macho ya mteja, kisha amwonyeshe kwamba ameyaona. Hapa ndipo wengi hujikwaa.

Tuseme kijana wa mwaka wa pili chuoni anamwambia mshauri: “Nimefeli tena uhasibu. Baba aliuza shamba anisomeshe. Sijui nitamwambia nini.” Jibu la haraka ni, “Usijali mdogo wangu, wengi hufeli na baadaye hufanikiwa.” Ni maneno mema, lakini yanamnyamazisha, maana ameambiwa asihisi anachokihisi. Jibu la pili ni, “Omba kurudia mtihani,” kana kwamba alikuja kuuliza utaratibu. Wapo pia wanaoyarudia maneno yake kama yalivyo, “Umefeli tena uhasibu,” na kijana anajiuliza kama anasikilizwa kweli.

Sasa mshauri anasema, “Naona kama mtihani wenyewe si mzigo mkubwa kuliko lile shamba. Unamwogopa baba?” Kijana anatulia. “Hapana, simwogopi. Naona aibu. Na mimi uhasibu sikuutaka.” Tazama kilichotokea: mshauri alikosea, alidhani ni woga. Lakini alisema kwa namna inayoruhusu kusahihishwa, na kijana katika kumsahihisha akafika kwenye neno ambalo huenda hajawahi kulitamka. Mteja akianza kusema “hapana, ni hivi”, kisha akaingia ndani zaidi, kazi inakwenda. Akiitikia “ndiyo, ndiyo” huku mada ikibadilika kila dakika, mshauri anaongea peke yake.

Rogers aliamini masharti yake yanatosha. Wanasaikolojia wengi leo wanakubali kwamba yanasaidia sana, ila hawakubali kwamba yanatosha kwa kila mtu. Rogers mwenyewe alipoyajaribu Wisconsin, kwa wagonjwa wa skizofrenia waliolazwa hospitalini, matokeo hayakufikia matumaini yake. Kwa hiyo kijana wetu akisema anataka kujiua, mshauri humuuliza waziwazi kama amepanga namna ya kufanya hivyo, hamwachi peke yake, na humfikisha hospitalini siku hiyohiyo.