Naomba Kuiona Pampu ya Zamani

Gari la jirani yangu lilikuwa likichemsha kwenye foleni. Gereji moja ya Dar es Salaam ikabadilisha pampu ya maji na kumpa ankara yenye dhamana ya miezi 3. Siku 19 baadaye, akiwa foleni ya Ubungo, mshale wa joto ukapanda tena. Fundi akamjibu kwenye simu: "Bosi, pampu ni nzima. Hilo ni tatizo lingine."

Jibu hilo huwanyamazisha wateja wengi. Lakini jirani hakupeleka pampu gereji, alipeleka gari linalochemsha. Ndiyo maana barua yake ilitaja dalili kwanza, kifaa baadaye:

"YAH: GARI KUCHEMSHA TENA BAADA YA MATENGENEZO

Tarehe 4 Machi nililileta gari likiwa na kilomita 146,210, nikaeleza kuwa linachemsha likisimama foleni na kupoa likikimbia. Mlibadilisha pampu ya maji kwa ankara niliyoambatisha. Tarehe 23 Machi, kilomita 146,870, limechemsha vilevile. Naomba mlikague bila malipo kwa mujibu wa dhamana yenu, nikiwapo, na mnioneshe pampu iliyotolewa. Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 7."

Pampu ya zamani ina ushahidi wake. Ishike shafti uitikise: ikicheza, beringi imekwisha. Tazama kitundu kidogo kilicho chini ya shafti; pampu inayovuja huacha hapo alama za kulanti iliyokauka. Angalia pia kama mapanga ya ndani yameliwa na kutu. Usipoona lolote kati ya hayo, una haki ya kuuliza ilitolewa kwa sababu gani. Gari linalochemsha likisimama na kupoa likikimbia huelekeza kwanza kwenye feni ya rejeta, kwa kuwa barabarani upepo hufanya kazi ya feni.

Mambo mawili huiharibu barua nzuri kama hii. La kwanza ni kumwita fundi mwingine afungue injini kabla gereji haijaiona. Hapo watasema ameharibu yeye. La pili ni kuendelea kuliendesha. Joto likizidi, silinda hedi hupinda, na hasara hiyo utaibeba mwenyewe. Lizime, livutwe.

Barua aliipeleka kwa mkono, nakala mbili, moja ikagongwa muhuri wa kupokelewa. (Ujumbe wa simu nao ni ushahidi, ila muhuri humfanya meneja asome.) Pampu ilikutwa chini ya meza ya fundi: shafti imekaza, kitundu kikavu. Kumbe mota ya feni ilikuwa imekufa. Jirani alilipia mota peke yake, ufundi haukutozwa. Kuhusu fedha ya pampu ambayo gari halikuihitaji, wiki hii anaandika barua ya pili.